Wali wa nazi wa kiporo: kwa nini nikiukaanga na mayai unageuka bokoboko?

Mwalimu wa Makorora (Jumatatu, saa 3:10 usiku)

Habari za jioni ndugu zangu. Nina jambo la jikoni ambalo limenishinda mara 3 mfululizo, na kwa kuwa humu wamo wapishi na wamo wazazi waliotutangulia, naomba nilieleze kwa urefu ili atakayejibu asilazimike kubahatisha.

Nyumbani kwetu hapa Makorora, Tanga, Jumapili hupikwa wali wa nazi mwingi kwa sababu wageni hawakosi, na mara nyingi hubaki vikombe 5 au 6 vya chai. Wali huo huingia kwenye friji, na Jumatatu jioni nikirudi kazini hutaka kuukaanga kwa mayai, karoti, hoho na njegere, uwe kama ule wa mgahawani, ambao punje zimechambuka na yai linaonekana vipande vipande. Wangu hauwi hivyo. Leo nimeugeuza kutoka kwenye bakuli ukatoka mzima kama tofali, umebeba hadi alama ya kitako cha bakuli. Nikautia kwenye sufuria ambamo kitunguu na mboga zilikuwa zimeshaiva, nikaanza kuuvunja kwa mwiko. Nusu ya punje zikakatika, nusu ikabaki mabonge. Nilipoona unashika chini nikanyunyiza maji, kisha nikamimina mayai 3 yaliyopigwa na kukoroga. Kilichotoka ni kitu cha manjano mpauko, chenye unyevunyevu, kinachong'ang'ania kijiko. Mwanangu wa darasa la tatu ameniuliza kama leo tunakula bokoboko, na kama ndivyo, nyama iko wapi.

Natumia jiko la gesi la mtungi mdogo na sufuria ya alumini. Je, kosa liko kwenye wali, kwenye mayai au kwenye moto?

Mzee wa Pangani

Mwalimu, wali unaoshikana ni wali uliozidishiwa maji, hakuna siri nyingine. Osha mchele mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, uchemshe kwa tui jepesi, tui zito ulitie mwishoni maji yanapokaribia kukauka, kisha ufunike na kupalia makaa juu ya mfuniko. Sisi tulifundishwa hivyo na mama zetu na wali wetu ulichambuka bila friji wala gesi. Uliza pia mchele umenunua wapi, kwa sababu mchele mpya uliovunwa juzi hushikana hata ukiupikia dua.

Mwalimu wa Makorora

Shikamoo mzee wangu, na nashukuru. Ila labda sikujieleza vizuri: wali wa Jumapili huwa hauna kasoro yoyote, wageni wanausifu na punje zake zimechambuka. Unaharibika Jumatatu, ninapoukaanga. Swali langu ni la kiporo.

Kijana wa Mikanjuni

Mwalimu, siri ni mbili tu, na nimezijaribu mwenyewe. Kwanza, wali lazima uwe umelala kwenye friji usiku mzima, kwa sababu wali wa leo hauwezi kukaangika hata iweje. Pili, mayai hayaendi kwenye sufuria, yanaenda kwenye wali. Unachukua viini, unavichanganya na wali ukiwa baridi mpaka kila punje ipate rangi, ndipo unautia kwenye mafuta ya moto. Kiini kinaizunguka punje na kuitenga na mwenzake. Utanishukuru.

Mpishi wa Raskazone

Nimepika kwenye jikoni la hoteli kwa miaka 14 na wali wa kukaanga nimeuchoma, nimeulowesha na kuumwaga kabla sijaujua, kwa hiyo mwalimu usione aibu. Kabla sijasema lolote naomba unijibu mambo manne. Wali uliingia kwenye friji saa ngapi baada ya kuiva, na ulikuwa wa moto au umepoa? Bakuli lilikuwa na mfuniko? Sufuria yako ina upana gani, na ulitia vikombe vingapi kwa mara moja? Ulipoutia, sufuria ilitoa sauti gani?

Mwalimu wa Makorora

Wali uliiva saa 7 mchana, tukala, na mnamo saa 9 niliukusanya kwenye bakuli la plastiki ukiwa bado una uvuguvugu, nikaufunika kwa mfuniko wake na kuutia kwenye friji. Leo nilipofunua, chini ya mfuniko kulikuwa na matone ya maji, na mengine yalikuwa yameshadondokea wali. Sufuria ni ya kawaida, upana wake ni kama shubiri moja na vidole vitatu. Nilitia vikombe vyote 6 kwa pamoja. Kuhusu sauti, sikuwahi kufikiri kwamba ni ya kusikilizwa; nadhani haikutoa sauti yoyote, ilinyamaza.

Mpishi wa Raskazone

Hapo kwenye "ilinyamaza" umeshajijibu nusu ya swali, lakini tuanze na wali wenyewe, kwa sababu kisa chako kina jambo ambalo maelekezo mengi ya wali wa kukaanga hayaligusi: wali wako ni wa nazi.

Wali wowote uliopoa hukaza. Wanga uliolainika kwenye moto hujikusanya tena ukipata baridi, ndiyo maana punje ya kiporo huwa ngumu kidogo, na ugumu huo ndio tunaoutaka kwa sababu punje ngumu haipondeki ikigeuzwa. Wali wa nazi una jambo la pili juu ya hilo. Tui lina mafuta, na mafuta ya nazi huganda yakiwa chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa Tanga mezani huwezi kuyaona yakiganda isipokuwa siku za baridi ya Julai, lakini kwenye friji huganda kama nta ya mshumaa, na nta hiyo hujaza nafasi iliyo kati ya punje na punje. Kwa hiyo tofali lako halikushikwa na wanga peke yake, limeshikwa na mafuta yaliyoganda. Ukilipiga kwa mwiko likiwa hivyo, punje hukatika kabla mafuta hayajaachia. Ushahidi utauona kwenye vidole: chukua bonge moja ulisugue taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, na baada ya muda mfupi utahisi utelezi, kisha punje zitaachana zenyewe bila nguvu. Joto la mkono linatosha.

Basi wali wa nazi huvunjwa kwa mikono, ukiwa nje ya moto, kwenye sinia pana, ukisugua bonge moja moja. Vikombe 6 havitakuchukua zaidi ya dakika 6 au 7. Ukifika kwenye bonge linalogoma kabisa, liweke pembeni, utalipasha peke yake kwenye kikaango kwa nusu dakika kisha ulivunje. Usinyunyize maji. Watu wa wali mweupe mkavu hunyunyiza kijiko kimoja na husaidia, lakini wako tayari ulikuwa umenyeshewa na mfuniko.

Hilo la mfuniko ndilo kosa la pili. Wali wenye uvuguvugu unatoa mvuke, mvuke unagonga mfuniko wa plastiki, unageuka maji na kurudi chini. Umeutia friji ili ukauke, ukaufungia na mvua yake. Jumapili ijayo, mara mkimaliza kula, tandaza wali uliobaki kwenye sinia, unene usizidi kidole kimoja, uuache upepo uupige, au feni, kwa nusu saa. Utaona ule mng'ao wa maji unapotea juu ya punje. Hapo ndipo uutie kwenye chombo kisicho na kina, na usiubane kwa mfuniko mpaka uwe baridi kabisa.

Na hapa nimsahihishe kijana wa Mikanjuni kwa upole. Si lazima wali ulale. Tunachotafuta ni uso mkavu wa punje na punje iliyokaza kidogo, na friji ni njia rahisi ya kuvipata vyote viwili, lakini wali mweupe wa leo uliotandazwa kwenye sinia na kupigwa feni mpaka ukapoa unakaangika vizuri tu. Nimefanya hivyo hotelini mara nyingi wageni walipozidi hesabu.

Suala la moto na mayai nitaliandika baadaye, naitwa.

Mama wa Barabara ya Nane

Naomba niulize hapa hapa kwa sababu yangu yanafanana na haya. Mimi naishi Ngamiani na sina friji. Wali ukibaki usiku naufunika kwa kawa kwenye sufuria yake, asubuhi naukaanga kwa mafuta mengi na kitunguu, watoto wanakula kwa chai kabla ya shule. Kuna siku unakuwa na ute kidogo, lakini nikiukaanga sana ule ute unaondoka. Sasa je, na mimi nikitia mayai utachambuka? Maana mabonge sina, wangu haugandi, tatizo langu ni huo ulaini.

Mpishi wa Raskazone

Dada yangu, lako nalijibu kabla ya la mwalimu kwa sababu si la kuchambuka tena. Ute ule ni dalili ya wali ulioanza kuchacha. Kuna vijidudu vya kwenye mchele ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa; wali ukikaa kwenye joto, kama la nyumba zetu usiku, mbegu huamka, vijidudu huzaliana, na aina mojawapo hutoa sumu inayotapisha. Vijidudu vyenyewe unaweza kuviua kwa kukaanga, lakini ile sumu haiharibiki kwa moto wa kikaango. Mtu hula wali wa moto kabisa, unanukia kitunguu, na baada ya saa 1 mpaka 5 anatapika. Na sumu inaweza kuwapo kabla ya ute na kabla ya harufu, kwa hiyo pua haitoshi kuwa hakimu.

Kwa asiye na friji, njia yangu ni kuukaanga wali siku ile ile. Ukibaki mchana, utandaze kwenye sinia, uufunike kwa kawa nzi wasiufikie, na uukaange ndani ya saa 2, uliwe. Uliolala sufuriani kwa joto la Tanga mimi siukaangi, siuonji, na siwapi kuku wangu.

Mama wa Barabara ya Nane

Nimekuelewa, lakini kusema kweli kaka yangu, sisi tumekua kwa kiporo. Bibi yangu alikula kiporo kila asubuhi akafika uzee wake. Ukiniambia nimwage wali wa vikombe 4 kwa bei ya mchele ya sasa, unaniambia jambo kubwa.

Mzee wa Pangani

Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Lakini na mimi nimekula kiporo cha sufuriani tangu utoto na sijatapika. Ila nakumbuka kiporo cha zamani kilikuwa cha wali mkavu uliopikwa kwa maji, wali wa nazi ulikuwa hauachwi, ulimalizwa usiku ule ule kwa sababu kila mtu alijua unawahi kuchacha.

Mpishi wa Raskazone

Mzee umesema neno la maana hapo mwisho. Dada wa Barabara ya Nane, sikulazimishi, na bei ya mchele naijua. Pengine jambo rahisi kuliko kumwaga ni kupunguza kikombe kimoja cha mchele usiku. Kwa wenye friji nao nisisitize: umeme ukikatika, friji iliyofungwa bila kufunguliwafunguliwa hushikilia baridi kwa saa 4 hivi. Ukipita hapo na wali ukawa umepata joto, hesabu yake ni ile ile ya sufuriani. Na hata friji ikiwa nzima, mimi kiporo cha wali sikivushi siku ya pili.

Sasa turudi kwa mwalimu. Sufuria yako ilinyamaza kwa sababu uliizidi nguvu. Jiko la mtungi mdogo lina moto wa katikati tu, na alumini nyembamba haitunzi joto. Ukitupa humo vikombe 6 vya wali wa friji, sufuria inapoa papo hapo. Wali hautoi mvuke wa haraka, unatoa unyevu wa polepole ambao hauna pa kutokea kwa sababu umefunikwa na wali mwenzake, na badala ya kukaangika unajipika upya kwa mvuke. Wali uliopikwa una maji mengi ndani yake, zaidi ya nusu ya uzito wake, kwa hiyo hauhitaji maji yako kulowa. Ndio maana nasema, vikombe 6 havikaangwi kwa mara moja. Vigawe mara 3, vikombe 2 kila mara, na wali ukishaenea kwenye sufuria unene wake usizidi kidole.

Utaratibu wangu kwa wali wako ni huu. Anza na mayai, usimalizie nayo. Piga mayai 3 na chumvi kidogo sana, pasha kijiko kimoja cha mezani cha mafuta mpaka yaanze kutetemeka, mimina, hesabu mpaka kumi, kisha likunje yai likiwa bado bichi kidogo juu, ulitoe kwenye sahani. Lisilokauka litamalizikia kwenye wali. Fuata mboga: kitunguu na karoti kwanza, karoti iwe imekatwa vipande vidogo kama njegere, njegere ziwe zimechemshwa kabla na kukaushwa juu ya kitambaa, hoho iingie mwisho kwa sababu ina maji mengi. Usitie chumvi kwenye mboga, chumvi itayavuta maji yake yote yatoke sufuriani. Inamisha sufuria: kama kuna maji yanayotiririka kwenda pembeni, mboga hazijawa tayari. Yakiisha, zitoe nazo.

Ndipo wali. Futa sufuria, tia kijiko kimoja tu cha mafuta, kwa sababu wali wa nazi unakuja na yake. Tupa punje moja: ikilala kimya, subiri, ikirukaruka na kulia, tia vikombe 2. Uache kwanza, hesabu mpaka ishirini bila kuugusa, kisha geuza kwa kuinua kutoka chini, usikoroge wala kuponda. Sauti ndiyo kipimo chako. Mwanzo utasikia mlio mzito wa maji, baada ya dakika 2 au 3 mlio unakuwa mkali na mwepesi, na punje zinaanza kuchezacheza zenyewe. Hapo umeiva. Uweke kwenye sinia, endelea na fungu la pili. Mwisho rudisha vyote kwa pamoja, wali, mboga na yai, geuza mara chache tu vichanganyike, epua.

Onyo moja la nazi: chicha laini na utamu wa tui huwahi kuungua kuliko wali mweupe. Ukiona doa la kahawia linaganda chini, punguza moto kidogo na ulikwangue kabla ya fungu linalofuata, usiliongezee mafuta.

Kijana wa Mikanjuni

Kaka, sipingi mengine, lakini njia yangu ya viini inafanya kazi, nimeifanya zaidi ya mara kumi.

Mpishi wa Raskazone

Naiamini. Unapikia nini?

Kijana wa Mikanjuni

Karai la chuma, jiko la mkaa, makaa yaliyokolea. Vikombe 2 vya wali mweupe, napika wa kwangu peke yangu.

Mpishi wa Raskazone

Basi umemweleza mwalimu matokeo bila kumweleza karai. Chuma kizito chenye moto mwingi na wali kidogo kitakigandisha kiini kabla hakijashikanisha punje. Kwenye sufuria ya alumini, yai bichi linakaa juu ya wali likiwa uji kwa dakika nzima, na yai ni maji kwa sehemu yake kubwa. Ndiyo gundi aliyokula mwanawe. Tena punje za wali wa nazi zina mafuta juu yake, kwa hiyo kiini hakizishiki sawasawa. Kwa karai lako, endelea.

Mkaazi wa Bagamoyo

Nashangaa hakuna aliyesema kwamba wali wa nazi haufai kabisa kwa kazi hii. Wali wa kukaanga ni wa mchele mweupe, unatiwa sosi ya soya, na sosi ya soya na nazi havielewani. Hapa kwetu Bagamoyo nimewahi kuuziwa mchanganyiko huo, nikaacha nusu sahani.

Mwalimu wa Makorora

Sosi ya soya mimi hutia kijiko kimoja kikubwa. Kumbe ni kosa?

Mpishi wa Raskazone

Ladha siamui, kila mtu na ulimi wake. Kwa upande wa unyevu, kijiko kimoja hakiloweshi wali wa vikombe 6 kama kimemiminwa kwenye ukingo wa sufuria iliyo moto kikachemka hapo hapo. Kikimwagwa katikati ya wali kinafanya madoa na mabonge. Ila wali wa nazi kwa kawaida umeshatiwa chumvi ulipopikwa, na sosi ni chumvi nyingine, kwa hiyo onja kwanza. Mimi kwa wali wa nazi huweka ndimu mezani na pilipili, sosi naiacha kabatini.

Mkaazi wa Bagamoyo

Nimekubali kuhusu ndimu. Kuhusu nazi bado.

Mwalimu wa Makorora (Jumatatu iliyofuata, saa 2:40 usiku)

Ndugu zangu, nimerudi na taarifa. Jana nilitandaza wali kwenye sinia mbili mara tulipomaliza kula, nikauelekezea feni nusu saa, nikautia friji kwenye chombo bapa. Leo ulikuwa vikombe 5. Mabonge yalikuwepo lakini madogo, na kweli nilipoyasugua nilihisi utelezi kama wa mshumaa, kisha punje zikaachana. Nilishangaa jinsi vidole vilivyobaki na mafuta. Nisingedhani tui limeacha mengi kiasi hicho.

Yai lilifuata maelekezo. Mboga zilinisumbua, kwa sababu nilidhani zimekauka, nilipoinamisha sufuria yakatiririka maji kama vijiko viwili, ya hoho bila shaka. Niliyaacha yakauke. Fungu la kwanza la wali lilitoka vizuri sana, punje zikaruka na sauti ikabadilika kama ulivyosema. Nilisimama nikiisikiliza kama mtu anayetafuta idhaa ya redio. Fungu la pili lilishika chini likatoa harufu ya kuungua, na baadhi ya punje zina madoa meusi. La tatu nililitia kikombe kimoja tu, likatoka kavu kupita kiasi, linatafunika kwa kelele.

Mwanangu amekula na hakuuliza nyama. Lakini fungu la pili na la tatu naomba maelezo.

Mpishi wa Raskazone

La pili ni lile doa la kahawia. Ulilikwangua?

Mwalimu wa Makorora

Nililiona, nikadhani litatoka lenyewe. Niliongeza mafuta.

Mpishi wa Raskazone

Ndilo hilo. Tui lililoganda chini likipata mafuta mapya linakuwa lami, na kila punje inayopita juu yake inabandika. Kati ya fungu na fungu, tia sufuriani maji vijiko viwili, kwangua kwa mwiko wa mbao, mwaga, futa kwa kitambaa kikavu kabisa, kisha anza upya na kijiko kimoja cha mafuta. Ni kazi ya nusu dakika. La tatu lilikauka kwa sababu kikombe kimoja kwenye moto uliopimwa kwa vikombe viwili kinapoteza maji upesi, nawe bila shaka ulikuwa unangoja dakika zile zile. Kwa kidogo, sikiliza, usihesabu. Au gawa vikombe 5 katika mafungu mawili, yaani vikombe viwili na nusu kila moja, ukubali kwamba yatachukua dakika moja zaidi.

Mzee wa Pangani

Na mimi nina swali, maana nimeona hamjaligusa. Matandu ya wali wa Jumapili, yale ya chini ya sufuria yaliyopata rangi, yanakaangwa pamoja na huo wali au yanatupwa?

Mpishi wa Raskazone

Mzee, matandu yakichanganywa na kiporo hubaki vipande vigumu ambavyo havichambuki hata ukiyasugua vipi, na friji huyazidisha ugumu. Yabandueni Jumapili ile ile yangali moto, wali laini uende sinia peke yake.

Mwalimu wa Makorora

Hapa kwetu matandu hayajawahi kufika Jumatatu, mzee. Yanagombewa kabla sufuria haijapoa.